Mvutano haujaisha kule juu: wanaanga wanaanguka

"Kule juu hakuna mvutano wa dunia, ndiyo maana wanaelea." Nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia redioni, na juzi nimeikuta kwenye mtihani wa majaribio, imewekwa kama jibu sahihi. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Hesabu kwanza. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Mvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, lakini umbali huo hupimwa kutoka kitovu cha dunia, si kutoka ardhini. Sisi tuko kilomita 6,371 kutoka kitovuni, wao 6,771. Piga hesabu, utapata kwamba mvutano wa kule ni karibu asilimia 89 ya huu wetu: 8.7 m/s² badala ya 9.8. Umepungua kidogo, basi.

Mbona wanaelea, sasa? Chukua chupa ya plastiki, itoboe karibu na kitako, ijaze maji, usiifunge. Ukiishika, maji yanachuruzika. Iachie kutoka ghorofani, nayo inapoanguka maji hayatoki. Mvutano upo, ndio unaoiangusha. Kilichotoweka ni maji kuikandamiza chupa, kwa kuwa vyote viwili vinaanguka kwa mchapuko uleule. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: irushe juu. Tangu inapotoka mkononi, hata ikiwa bado inapanda, maji hayatoki. Kitu kinachopanda huku mvutano peke yake ukikishughulikia nacho kimo katika mwanguko huru.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanaanga Mmarekani Alan Shepard tarehe 5 Mei 1961. Chombo chake kilifika kilomita 187 kikarudi kutua baharini, safari nzima ikichukua dakika 15 hivi. Hakuzunguka dunia, lakini roketi ilipozimika alikaa dakika kadhaa bila uzito, kwanza akipanda, kisha akishuka. Kama kimo ndicho kinachofuta mvutano, ni nini kilichomrudisha?

Alichokosa Shepard ni kasi ya kwenda kando. Kituo cha anga kinakwenda kilomita 7.67 kwa sekunde. Katika sekunde moja kinaanguka mita 4.3 kutoka kwenye mstari mnyoofu ambao kingeufuata. Lakini dunia ni mviringo, na ukienda kilomita 7.67 kwenye mstari huo mnyoofu, ardhi inakuwa imejipinda ikakuacha kwa mita zilezile 4.3. Kwa hiyo kituo kimeanguka kweli, na kimo chake kiko palepale. Sekunde inayofuata, hivyohivyo. Baada ya dakika 93 hivi kimemaliza mzunguko.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, kwa sababu hutoka kwa watu waliosoma: "Mvutano unalingana na nguvu ya kwenda nje, zinafutana." Hapana! Nguvu zikifutana, kitu hakigeuzi mwendo wake. Kituo kingechukua mstari mnyoofu na kututoroka. Kinapinda kwa sababu nguvu moja kubwa inakivuta, na hakuna ya kuisawazisha. Ni kweli kwamba ukifanya hesabu ukiwa umejiweka ndani ya chombo kinachozunguka, unaruhusiwa kuongeza nguvu ya kwenda nje ili milinganyo ikae sawa. Mimi mwenyewe huitumia. Lakini ni matokeo ya mahali ulipochagua kusimama, na mwanafunzi akiambiwa kwamba ndiyo inayomwelesha mwanaanga, anaondoka akiamini mwanaanga ameshikiliwa pande mbili, kumbe hakushikiliwa na chochote.

Huo mwanguko nao si safi kabisa. Kwenye kimo hicho bado kuna hewa nyembamba mno inayokipunguzia kituo kasi, hivyo kinateremka kidogokidogo na kila baada ya muda injini huwashwa kukipandisha. Zikiwaka, anayeelea katikati ya chumba huona ukuta wa nyuma ukimjia taratibu. Chombo kinasukumwa, yeye bado anaanguka.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya sekondari hulipita. Kipimamchapuko kilichoachwa kielee ndani ya kituo husoma karibu sifuri. Kwa Einstein, kilichomo katika mwanguko huru hakisukumwi na nguvu yoyote. Sisi tuliosimama ardhini ndio tunaosukumwa, na sakafu. Je, nina haki ya kusema mvutano "unamvuta" mwanaanga? Kwa hesabu za obiti, Newton anatosha, na nitaendelea kufundisha hivyo, ila kama ndivyo mambo yalivyo kweli, hapo nasita. Kwa upande wa Einstein kinachobaki, kisichofutika kwa kuanguka, ni tofauti ndogo: kitu kilicho upande wa kituo unaoelekea dunia huvutwa zaidi kidogo kuliko kilicho upande wa juu, na vikiachwa vyenyewe, polepole vinaachana.