Paa la asbesto Lamu: bolti ndio penye kazi

Mwezi huu nimepigiwa simu na mwenye nyumba huku Lamu anataka kubadilisha paa la jiko na stoo, anasema fundi ameshapanda na nyundo. Nikamwambia mwambie ashuke kwanza. Manake lile paa si mabati, ni shiti za kijivu zenye mawimbi, ukigonga zinatoa sauti ya kufa, sumaku haishiki, na pale zilipovunjika ukingo unaonyesha nyuzi nyuzi kama za katani. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 2006, mwaka Kenya ilipopiga marufuku asbesto, ukiona hivyo ichukulie ni asbesto mpaka maabara iseme vingine.

Shiti ikiwa nzima iko juu imetulia haina shida kubwa. Shida ni ikivunjwa, ikisagwa, ikipigwa msasa au ikisuguliwa kwa brashi, hapo nyuzi ndogo zisizoonekana zinapanda hewani, ukivuta zinakaa ndani ya mapafu na ugonjwa waweza kuja baada ya miaka 20 au 40, fundi ameshasahau hata nyumba yenyewe.

Sasa twende kwa bolti. Paa hizi zimefungwa kwa bolti za ndoano zinazoshika mbao chini, na huku kwetu chumvi ya bahari imezila mpaka nati na bolti zimekuwa kitu kimoja. Fundi akikosa kufungua kwa spana anapiga nyundo, shiti inapasuka pale kwenye tundu, au anaingiza grainda, na hio ndio mbaya kuliko zote. Tulichofanya ni kulowesha kwanza. Chukua pampu ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa shambani, iwe haijawahi kutiwa dawa, jaza maji na sabuni ya vyombo kidogo ili maji yashike, pulizia taratibu mpaka shiti yote imelowa. Usitumie mpira wenye presha. Halafu kata bolti kwa mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, kama unaweza toka chini, upande wa ndani, huku mwenzio anaendelea kupulizia pale pale unapokata. Kanyaga ubao mpana ulioegemea kwenye mbao za paa, usikanyage shiti kamwe, zinavunjika bila kukuonya na watu wameanguka ndani.

Siku yenye upepo wa kusi usianze. Na barakoa ni ile iliyoandikwa FFP3, zile za buluu za wakati wa Korona hazisaidii kitu. Wenye ndevu hapa wataninunia lakini ndevu zinaacha nafasi, hewa inapita pembeni, hivyo ama unyoe au umpe kazi mwengine. Ovaroli ziwe za kutupa, manake ukirudi nazo nyumbani mke na watoto ndio watakaovuta vumbi.

Shiti inateremshwa na watu wawili, haitupwi, moja yaweza kupita kilo 30. Chini tulitandaza nailoni nzito, geji 1000, tukapanga shiti chache zikiwa bado mbichi, tukafunika, tukafunga mishono yote kwa tepu, tukafuta nje kwa kitambaa kilicholowa, halafu nailoni ya pili juu yake. Juu tukaandika kwa kalamu nzito HATARI: ASBESTO. Vipande vilivyovunjika viliokotwa vikiwa vimelowa, mfuko mmoja ndani ya mwengine, usijaze zaidi ya nusu, ukingo wake unatoboa. Matambara na ovaroli pia zinaingia mfukoni, barakoa unaivua mwisho kabisa.

Mafundi walitaka kukata shiti ili zipite uchochoroni kwa punda. La, zinabebwa nzima, watu wanne kwa mzigo, pole pole mpaka gatini. Kwenye boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, mizigo ililazwa juu ya mbao na kufungwa isisuguane, huko ikapokewa na lori la mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kubeba taka hatari, na karatasi ya kufuatilia mzigo inayosema umetoka wapi unaenda wapi. Unaenda kufukiwa kwenye eneo lililoidhinishwa. Leseni hizi zilipwe kwenye bei tangu mwanzo, usipopanga mzigo utakaa kwako miezi. Ukiwa umekaa, weka kivulini, jua linaila nailoni.

Usitupe mikokoni, usipe jirani atengeneze banda la kuku, usichome, shiti ikiingia motoni hupasuka na kurusha vipande na asbesto yenyewe haiungui. Mwisho, chini ya mchirizi wa paa, udongo uliopokea maji ya miaka yote, tuliulowesha tukachota sentimita chache za juu na vipande vilivyoonekana, tukavitia mfukoni kama vile vingine, kisha ndio mabati mapya yakapanda.