Kwa nini mtihani wa kuzungumza una tarehe yake

Kila msimu wa mitihani tunaulizwa swali lilelile: "Nimepangiwa Jumamosi asubuhi, halafu tena Jumatano saa nane mchana. Tarehe ya kweli ni ipi?" Zote mbili. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kusikiliza, kusoma na kuandika hufanywa kwa kikao kimoja cha takriban saa 2 na dakika 40. Kuzungumza kunaweza kuwa siku hiyohiyo, au hata wiki moja kabla au baada yake.

Sababu kubwa ni hesabu. Tuseme watahiniwa ni 60. Ukumbini wote huanza kwa pamoja, na wasimamizi wachache wanatosha. Kwenye kuzungumza, mtahini hukaa na mtu mmoja mmoja kwa dakika 11 hadi 14, kisha lazima atulie atoe alama kabla ya kumwita mwingine. Ukimtengea kila mtahiniwa dakika 20, mtahini hupitisha watu watatu kwa saa. Kwa watu 60 hizo ni saa 20 za kazi. Hata wakigawana watahini wanne, kila mmoja ana saa tano. Ukianza zamu hizo mara baada ya maandishi, wa mwisho ataingia jioni akiwa hoi, mbele ya mtahini aliyekwisha kusikiliza watu 14. Hapo huwezi kujua kama unapima lugha au uchovu, tena wa nani.

Zamu hizi zina udhaifu wake: anayetoka humsimulia anayesubiri alichoulizwa. Ndiyo maana mada huwa nyingi na mtahini huzibadilisha. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unazungumza dakika moja hadi mbili. Aliyekariri hotuba ya rafiki yake hujulikana upesi: anatiririka hapo, halafu anakwama sehemu ya tatu, mtahini anapomdadisi kwa maswali mapana zaidi kuhusu mada hiyo.

Si mitihani yote hufuata njia hii. TOEFL iBT hurekodi majibu kwa kompyuta siku ileile, kila mmoja na kipaza sauti chake. Ratiba inakuwa nyepesi, ila jirani anayejibu kwa sauti unamsikia, na hakuna mtu wa kukuuliza "una maana gani?" Kwangu mimi hilo ni pungufu kubwa kuliko usumbufu wa kuja mara mbili.

Kwa hiyo soma ratiba yako yote, si mstari wa kwanza tu. Siku ya kuzungumza utahakikiwa upya, hivyo njoo na kitambulisho kilekile ulichojisajilia, hata kama siku ya maandishi ulishakaguliwa. Na usipange safari kati ya tarehe hizo mbili.