Saa ya kwanza ya barakoa: mashine ya kusaidia kupumua kwa mgonjwa aliyelemewa na hewa ukaa

Ndugu wanaomleta mgonjwa hospitalini akihema kwa shida huomba oksijeni, na mara nyingi wana haki ya kuiomba. Yupo hata hivyo mgonjwa ambaye kipimo cha oksijeni kidoleni mwake kinasoma asilimia 99 huku yeye mwenyewe anazidi kusinzia, kwa sababu linalomzidia ni hewa ukaa iliyoshindwa kutoka mwilini. Huyo kwa kawaida ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao kwetu huwapata wavuta sigara, akina mama waliopikia kuni miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha, na baadhi ya watu ambao kifua kikuu kiliwaachia makovu. Makala haya yanahusu namna anavyosaidiwa kwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa iliyobana usoni, bila kuingizwa mpira kooni.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 62, mwenye urefu wa sentimita 157, aliyepikia kuni maisha yake yote na ambaye kifua kimembana kwa siku tatu. Amefika akiwa kwenye oksijeni lita 10 kwa dakika, anapumua mara 32 kwa dakika, na ukimuuliza jina anajibu kwa kuchelewa. Damu iliyochukuliwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono inaonyesha pH, kipimo kinachoshuka asidi ya damu inapozidi, ya 7.26, wakati ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45, na hewa ukaa ya milimita 78 za zebaki, wakati ya kawaida haizidi 45.

Jambo la kwanza si mashine. Oksijeni hupunguzwa hadi kidole kisome kati ya asilimia 88 na 92, kwa sababu ikizidi hapo kwa mgonjwa wa aina hii huelekeza damu kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa vizuri, na hewa ukaa huongezeka. Hupewa salbutamol ya kutanua njia za hewa kwa nebulaiza, prednisolone ya kupunguza uvimbe wake, na antibayotiki kama makohozi yamekuwa ya usaha. Wapo watakaopata nafuu kwa hatua hizo tu. Bibi yetu, baada ya muda usiozidi saa moja, amefika pH ya 7.27 na hewa ukaa ya 75, na bado anapumua mara 30. Huyo ndiye mwenye kustahili barakoa: pH iko chini ya 7.35, hewa ukaa iko juu, na pumzi bado ni za kasi ingawa ametibiwa vizuri. Utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 1995, kwa wagonjwa 85 wa ugonjwa huu, ulionyesha kwamba waliolazimika kuingizwa mpira kooni walikuwa asilimia 74 kwa tiba ya kawaida na asilimia 26 walipoongezewa barakoa.

Kabla ya kumvisha, kuna maswali yasiyorukwa. Je, anatapika? Uso umejeruhiwa? Hewa imevuja ndani ya kifua na haijatolewa kwa mpira? Moyo au pumzi vimesimama? Jibu la ndiyo kwa mojawapo humtoa kwenye njia hii, angalau mpaka tatizo hilo litatuliwe. Usingizi uliosababishwa na hewa ukaa yenyewe haumtoi, ila unadai mtu akae kando ya kitanda. Na katika dakika hizo hizo huandikwa kwenye faili kitakachofanyika barakoa ikishindwa: atapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi na kuingizwa mpira, au barakoa ndiyo mwisho wa hatua zinazomfaa. Uamuzi huo ukiachwa hadi saa tisa usiku, hufanywa vibaya.

Barakoa haifungwi mikanda mara moja. Muuguzi huishika kwa mkono usoni na kusema, “Bibi, nimeishika tu, ukitaka naiondoa. Vuta hewa, mashine itakufuata.” Dakika chache za namna hiyo huokoa saa nzima ya mapambano.

Kwenye skrini kuna namba mbili zenye uzito. IPAP ni shinikizo wakati mgonjwa anavuta hewa, na EPAP ni lile linalobaki anapoitoa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayofanya kazi badala ya misuli iliyochoka. Kwa bibi tulianza na IPAP ya sentimita 12 za maji na EPAP ya 5, na kila pumzi ikawa mililita 240, ambayo ni ndogo, kwa kuwa kwa urefu wake tunatafuta takribani mililita 300 hadi 400. Tukapandisha IPAP kwa 2 au 3 kila baada ya dakika chache hadi 20, na pumzi ikafika mililita 360. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni kuiacha 12 usiku kucha kwa sababu mgonjwa “ametulia”. Anayeiacha hapo amemvisha mgonjwa barakoa bila kumtibu.

EPAP nayo haishushwi chini ya 4. Katika mashine zenye bomba moja, hewa inayotoka hupitia vitundu vidogo karibu na barakoa, na shinikizo hilo ndilo linaloisukuma nje. Nimewahi kukuta vitundu hivyo vimebandikwa plasta vizuri kabisa na mtu aliyedhani hewa inavuja. Mgonjwa alikuwa anavuta tena hewa ukaa yake mwenyewe.

Baada ya saa moja damu hupimwa tena. Bibi alikuwa na pH ya 7.31, hewa ukaa ya 68, pumzi 22, na aliuliza kama mjukuu wake amekula. Kama namba zisingesogea, tungeanza kwenye vifaa: barakoa ya saizi isiyofaa inayopuliza machoni, bomba lililochomoka, makohozi yaliyoziba, shinikizo lililo dogo mno. Tungesikiliza pia pande zote mbili za kifua, kwani hewa inaweza kuvuja ndani yake. Ndugu hapa wana mchango mkubwa, kwa kutolegeza mikanda kwa huruma na kutompa uji chini ya barakoa, kwani unaweza kuishia mapafuni.

Vyote hivyo vikiwa sawa, na bado pH imebaki chini ya 7.25 saa moja au mbili baadaye, au pumzi haziteremki, au shinikizo la damu linaporomoka, barakoa imeshindwa. Kinachodanganya zaidi ni utulivu. Mgonjwa aliyekuwa akihangaika kisha akanyamaza, huenda amepona kiasi au huenda amechoka kabisa. Muite jina, mwombe akushike mkono, na upime damu. Mwenye nichomi kali ya mapafu yote mawili, ambaye shida yake ni oksijeni na si hewa ukaa, hupewa subira fupi zaidi, kwa sababu barakoa inaweza kumpendezesha kwa macho huku pumzi zake kubwa zikizidi kuyaumiza mapafu. Kwake daktari wa usingizi huitwa akiwa bado anaweza kujibu maswali.