Je, wajua kwa nini alama za Juni za mtumishi wa umma huamuliwa Desemba?

"Kama alama za utendaji zinatolewa Juni, ya nini kukalishwa na bosi mwezi wa 12 kujaza fomu?"

Kwa sababu Desemba, katikati ya mwaka wa kazi, ndiyo nafasi ya kurekebisha lengo kwa maandishi kabla halijakuhukumu. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Fomu ya OPRAS ya kupima utendaji wa mtumishi, iliyotumika katika utumishi wa umma kwa miaka mingi kabla ya mfumo wa kompyuta wa PEPMIS kuchukua nafasi yake, ilitenga sehemu ya tatu kwa mapitio ya nusu mwaka na sehemu ya nne kwa malengo yaliyorekebishwa. Alama hazikutolewa hapo. Mtumishi aliandika hatua aliyofikia kwa kila lengo na mambo yaliyoathiri kazi yake, kisha yeye na msimamizi wakasaini. Mfumo umehamia kwenye kompyuta, lakini mazungumzo ya namna hii bado yana maana.

Tuchukue afisa ugani wa kata. Julai alikubaliana na msimamizi wake kuendesha mafunzo 24 ya shamba darasa, wakulima 25 kila mara, yaani wakulima 600 kufikia Juni. Rasilimali waliyokubaliana ni lita 20 za mafuta ya pikipiki kila mwezi. Desemba inafika, amefanya mafunzo 6 tu.

Kosa la kwanza la wasimamizi wengi ni kugawanya mwaka kwa mbili na kusema alipaswa kuwa na 12. Kilimo hakigawanyiki hivyo. Ratiba yake ilionyesha 10 kufikia Desemba, kwa kuwa mengi yalipangwa msimu wa mvua. Kwa hiyo pengo ni 4, si 6. Kipimo cha Desemba ni ratiba iliyokubaliwa, na kama ratiba haikuandikwa Julai, hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Halafu yatafutwe yaliyosababisha pengo, kwa ushahidi: daftari la mahudhurio na daftari la safari za pikipiki. Hapa madaftari yanaonyesha kwamba Julai hadi Septemba mafuta hayakutoka kabisa. Yalipoanza kutoka Oktoba, afisa alifanya mafunzo mawili kila mwezi, lita 10 kwa kila moja. Bila madaftari hayo, "mafuta hayakuwepo" ni kisingizio kama visingizio vingine.

Sasa hesabu. Yamebaki mafunzo 18 kwa miezi 6, yaani matatu kwa mwezi. Kwa lita 20 atafanya mawili, sawa na 12 zaidi, na mwaka utaisha kwa 18. Njia ni mbili: mafuta yapandishwe hadi lita 30 na lengo libaki 24, au mafuta yabaki na lengo lishushwe hadi 18, wakulima 450. Kinachoandikwa ni lengo la zamani, lengo jipya, sababu, rasilimali na tarehe, kisha saini za wote wawili. Ahadi ya mdomo kwamba "tutaliangalia" haina kazi Juni.

Si kila pengo hushusha lengo. Afisa huyohuyo amewasilisha ripoti 6 za mwezi, 4 zikiwa zimechelewa, na kuandika ripoti hakuhitaji mafuta. Lengo hilo linabaki lilivyo, na kinachoandikwa ni atakachobadilisha yeye, mathalani kufunga takwimu tarehe 25 badala ya kusubiri mwezi uishe. Msimamizi anayeshusha malengo yote ili kikao kiishe kwa amani anaharibu kipimo chenyewe, na Juni kila mtu atakuwa "bora".

Kabla ya kuagana, mtumishi aulize waziwazi: kama mwaka ungeisha leo, ungeniweka wapi, na kwa lipi? Msimamizi mkimya Desemba ndiye anayekuja na alama za kushtua Juni. Jibu lake liandikwe, hata kwa sentensi moja.

Mapitio ya uongo hutambulika haraka. Safu ya hatua iliyofikiwa imejazwa "inaendelea vizuri" kila mstari, bila tarakimu. Au kwenye takwimu za Desemba imeingia hata kazi ya Machi, kwa sababu fomu nzima ilijazwa siku moja mwezi wa 6 na tarehe ikarudishwa nyuma.

Anayeumia zaidi ni mtumishi ambaye msimamizi wake amehamishwa Februari. Bosi mpya hajui kwamba mafuta yalikosekana Julai, na hana wajibu wa kuamini simulizi. Atafungua kumbukumbu, ataona 24 iliyoahidiwa na 18 iliyofanyika, na kama hakuna lengo lililorekebishwa na kusainiwa, atatoa alama kwa tarakimu hizo mbili.