Barua ya mwalimu anayeomba ukufunzi kwenye kampuni

Barua za walimu wa sekondari wanaoomba kazi ya kufundisha wafanyakazi hunipitia mikononi mara kwa mara, na nyingi hukwama mahali pamoja. Mwombaji anasema anatafuta changamoto mpya, kisha anajaza ukurasa kwa asilimia za ufaulu. Anayeisoma anabaki akijiuliza: huyu anaacha ualimu kwa nini, na watu wazima atawaweza?

Swali la kwanza linatosha sentensi mbili. Kama mshahara umechangia, si lazima uutaje, ila usibuni sababu nyingine ya kuufunika. Kwenye usaili utaombwa mfano, na sababu ya kubuni haina mfano.

Mwalimu mmoja wa hisabati aliniletea rasimu iliyosema amechoshwa na madarasa yaliyofurika. Ni kweli, lakini inaeleza anachokikimbia tu. Nilipomdadisi, ikatoka nyingine: shule yake ilipohamia kuingiza alama kwenye kompyuta, yeye ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwafundisha wenzake, na kazi hiyo ilimnogea kuliko vipindi. Tukaandika upya:

“Nimefundisha hisabati kwa miaka 9. Mwaka jana niliwafundisha walimu wenzangu 22 kuingiza alama kwenye mfumo mpya, na hapo nikagundua kwamba kazi ninayoitaka ni kuwafundisha watu wazima jambo watakalolitumia kesho yake. Muhula wa kwanza ofisi ya taaluma ilirudisha fomu 14 za alama zenye makosa. Muhula uliofuata, 3.”

Nguvu ya aya hiyo iko kwenye zile fomu. Wakufunzi wengi hupima mafunzo kwa ngazi nne zilizoasisiwa na Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na taasisi imepata nini. Asilimia za ufaulu, hata ziwe nzuri vipi, zinaishia ngazi ya pili. Fomu zilizopungua zinagusa ya tatu, nayo ndiyo mwajiri huiulizia. Hazithibitishi kila kitu, maana huenda wenzake wangeuzoea mfumo hata bila yeye, na akiulizwa hivyo akubali. Kisha aeleze alichokifanya: alikaa na kila mmoja dakika 20 wakiingiza alama za darasa lake halisi, si mfano wa kwenye ubao.

Pengo nalo lisemwe. Yeye aliandika: “Sijawahi kufanya kazi ndani ya kampuni, na sijawahi kumfundisha mtu aliyeacha kazi za wateja zikimsubiri mezani.” Hakuomba radhi. Sentensi iliyofuata ilisema angependa wiki mbili za mwanzo akae na wafanyakazi kwenye vituo vyao kabla ya kuandaa somo lolote. Wasaili walianzia hapo hapo, wakamuuliza angeanza kukaa na kitengo gani.