"Sikuongeza Hata Neno Moja"

Wiki hii nimeisikia tena: "Lakini mhariri, sikuongeza hata neno moja. Yote ni maneno yake." Mwandishi kaleta mahojiano ya maswali na majibu, nimemrudishia, na utetezi ndio huo huo wa siku zote. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake.

Mtu akizungumza saa nzima anatoa maneno kama 8,000. Ukurasa unakupa 1,500, na maswali yako yamo humo humo. Zaidi ya robo tatu ya aliyosema lazima iondoke. Sasa mtu anayeondoa kiasi hicho anajisifu vipi kwamba hajaongeza kitu? Kosa limo kwenye alichotoa.

Huu hapa mfano. Mada nimeibadilisha ili mhusika asijulikane. Mbunge aliulizwa kama anaunga mkono mradi wa bwawa. Kwenye kinasa sauti alijibu hivi:

"Mradi ni mzuri, nimesema tangu mwanzo. Wataalamu wameufanyia kazi, nimekaa nao, nimewasikiliza. Sasa mkataba wenyewe, ule tulioletewa, una mambo yamefichwa. Huo siwezi kuupigia kura. Wakiuleta upya, masharti yote wazi, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Mwandishi akaleta hili:

"Wataalamu wameufanyia kazi, nimewasikiliza. Huo siwezi kuupigia kura."

Kweli, kila neno ni la mbunge. Lakini "huo" ulikuwa mkataba, na sasa ni mradi. Lugha yetu ndiyo inayomponza mkataji: mradi, mkataba, mpango, mkopo, zote ni ngeli moja, kwa hiyo ukifuta jina, kiwakilishi hakianguki. Kinalidandia jina lingine lililo karibu, hata kama liko kwenye swali, na sentensi inasimama bila kasoro yoyote ya sarufi. Msomaji hana cha kushtukia. Mkosoaji wa mkataba amegeuka adui wa bwawa. Zaidi ya hapo, "wakiuleta upya" limetupwa. Ile "-ki-" ndogo ilibeba sharti lote. Bila sharti, msimamo wa muda unasomeka kama wa milele.

Mimi ningekata hivi: "Mradi ni mzuri. Mkataba tulioletewa una mambo yamefichwa, na huo siwezi kuupigia kura. Wakiuleta upya, masharti yote wazi, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono." Nimeongeza "na" ambayo hakuitamka, nimeunganisha sentensi mbili. Toleo langu limegusa maneno, na ndilo la kweli. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Masson dhidi ya jarida la New Yorker, ilikataa hoja kwamba kila badiliko ndani ya nukuu ni uongo wa makusudi. Kipimo chake kilikuwa kama maana imebadilika kwa kiasi kikubwa.

Utaratibu wangu ni mfupi. Naondoa kwanza swali zima pamoja na jibu lake, kabla ya kunyofoa kidogo kidogo kila mahali. Kisha marudio, kisha mianzo ya majibu, maana watu wengi huhitaji sentensi mbili za kupasha moto. Nukta tatu sizitumii, zinaujaza ukurasa vipele. Mstari mmoja juu unaosema mahojiano yamefupishwa unatosha. Mwisho nampa mwenzangu ambaye hakusikia chochote, namwuliza: huyu amesema nini? Halafu naisikiliza sauti upya. Majibu mawili yakipishana, narudisha nilichokata.

Na swali lisiguswe ovyo! Uliuliza, "Kuna wanaosema umechoka, unawajibu nini?" Akasema, "Wana haki ya kusema." Ukichapisha swali kama "Je, umechoka?", jibu lile lile linakuwa la mtu anayekwepa. Fupisha swali, ila usilinoe baada ya kujibiwa.

Kuna mahali sina uhakika nako. Mheshimiwa anaulizwa jambo mara tatu. Mara ya kwanza anazungumzia utoto wake, ya pili anacheka, ya tatu anajibu vizuri kabisa. Kwa kupunguza urefu, utabakiza jibu la tatu, na maana yake haijaguswa. Lakini umemfanya msema wazi, wakati wewe uliyekuwa chumbani ulimwona akichomoka mara mbili. Kwa miaka mingi nilikata bila kuwaza. Siku hizi nabakiza swali la pili, hata likinigharimu maneno 30, na kicheko nakiweka kwenye mabano. Msemaji wa mheshimiwa mmoja aliwahi kunipigia simu kulalamika kwamba kicheko kile kimemdhalilisha bosi wake. Nilisikiliza tena ile sauti. Kilikuwa kicheko cha aibu au cha kufurahia swali? Mpaka leo sijui, na kwenye ukurasa vyote viwili vinaandikwa "anacheka".