Kontra imevunjika, stoki ni ya nani?

Kuna sentensi moja imenichosha. Kila kontra ya usambazaji inapovunjika hapa Lubumbashi, mtu hunijia nayo: «Papa, kiwanda kimeniacha, basi kije kichukue mali yake.» Mali yake ipi? Ulinunua, ukalipa fakture, ukalipa duane pale Kasumbalesa, ukaingiza katika depo yako. Mali ni yako. Kontra ikifa, kiwanda hakilazimiki kununua hata boksi moja, isipokuwa kontra yenyewe ilisema hivyo. (Kama hujamaliza kulipa, na kuna kifungu kinachosema mali hubaki ya muuzaji hadi ilipwe, hiyo ni njia nyingine, siigusi leo.)

Najua kosa linatoka wapi. Sheria ya biashara ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo inaifuata tangu 2012, humpa ajenti wa biashara fidia akiachishwa bila kosa lake. Watu wakasikia «fidia», wakajipa. Lakini ajenti huuza kwa niaba ya mwenye mali na kula komisyo. Wewe unauza kwa jina lako na unajipangia faida. Kwako inabaki kontra, pamoja na ile sheria ya mikataba ya 1888, inayosema makubaliano ni sheria kwa walioyafanya na yatekelezwe kwa nia njema. Hiyo nia njema mawakili huivuta kama mpira, usiitegemee peke yake.

Sasa soma kifungu cha kununua tena. Kikisema kiwanda «kinaweza» kununua, hujapewa kitu: kitachagua zinazouzika na kukuachia takataka. Unahitaji «kitanunua, msambazaji akiomba». Halafu uliza: kwa bei gani? Hapo ndipo watu hugombana hadi matusi.

Tuchukue mfano wa betri za sola. Una 80 katika depo. Kwenye fakture ya kiwanda kila moja ni dola 150. Ukijumlisha lori, duane na gharama za njiani, ilikufikia kwa 205. Wewe unadai 80 kwa 205, yaani dola 16.400. Kiwanda kinasoma kifungu: «zilizo katika hali ya kuuzwa, kwa bei ya fakture». Kinakubali 60 kwa 150, yaani 9.000. Pengo ni 7.400. Katika hizo, 3.300 ni usafiri na duane za betri 60 ambazo hakuna aliyeandika nani atazibeba; 4.100 ni betri 20 zilizokataliwa. Na usiwaze kuzirudisha mpakani: ulicholipa duane hakirudi kirahisi, na lori la kurudi nalo linalipwa. Mara nyingi afadhali msambazaji mpya azichukue hapahapa mjini, kwa 205 au karibu yake, maana akiagiza mwenyewe zitamfikia kwa bei hiyohiyo. Pesa taslimu pia usizisubiri sana. Kiwanda hupenda kuzikata kwenye fakture ambazo hujalipa.

Zile 20 zilikataliwa kwa nini? Betri ya risasi hujimaliza chaji ikikaa tu, na ikiachwa na chaji ndogo kwa miezi huingia salfeti ambayo haitoki vizuri. Iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12,7. Ikisoma chini ya 12,4, ilipaswa kuchajiwa zamani. Kwa hiyo hesabu ya stoki ifanywe na pande zote mbili, kabla ya siku ya mwisho ya kontra: namba ya betri, tarehe ya kutengenezwa, volti, sahihi mbili. Nakiri kipimo hiki hakinitoshi. Betri iliyochoka yaweza kusoma 12,7 na kuanguka mara inapowashiwa mzigo. Kupima zote kwa mzigo ni kazi ya siku nyingi. Mimi hukubali zipimwe chache zilizochaguliwa bila mpango, na kila mara naondoka na wasiwasi.

Halafu wateja. Uliyemuuzia wiki ya mwisho, na garanti ya miezi 24, ana fakture yenye jina lako. Betri ikifa atakuja kwako, si kiwandani, na kumwambia kontra imevunjika hakukuokoi: wewe ndiwe uliyemuuzia. Sharti kiwanda kiandike kwamba kitaendelea kubadilisha betri zilizouzwa kabla ya mwisho, hadi garanti ya mwisho iishe. Mimi huomba pia betri chache nzuri zisinunuliwe tena, zibaki depo kwa ajili ya kubadilisha, na mtu wa kuzichaji atajwe kwenye barua. Betri hizo msambazaji haruhusiwi kuziuza, na kiwanda kitataka orodha ya namba zake pamoja na orodha ya wateja wenye garanti. Ya kwanza wape. Ya pili toa namba za betri na tarehe za kuuza tu. Majina na simu za wateja zina bei yake, mzijadili mkiwa bado mezani.